Mji Mmoja, Majina Matano: Kuandika Majina ya Miji ya Kirusi katika Tiketi na Ramani

Mazungumzo na wazazi, wanafunzi na wasafiri wa Tunduma na Mkoa wa Songwe



Tuanze na jambo mnalolijua kuliko sisi. Uwanja wa ndege unaoitwa Songwe haumo katika Mkoa wa Songwe. Uko Mkoa wa Mbeya, na katika tiketi huandikwa kwa herufi tatu, MBI, zinazotokana na jina la Mbeya. Mkoa wetu ulizaliwa mwaka 2016, makao makuu yake yakiwa Vwawa, na uwanja ulikuwa umekwisha kupewa jina lake. Mgeni akiambiwa “shuka Songwe” anaweza kutafuta uwanja ndani ya mkoa huu asiuone. Mwenyeji hapotei, kwa kuwa anajua kwamba jina linalotamkwa, jina lililo kwenye ramani na herufi zilizo kwenye tiketi ni vitu vitatu ambavyo havifanani daima.

Sasa tumweke mwenyeji huyo mbele ya tiketi ya kwenda Urusi. Tangu miaka ya 1960 vijana wa Kitanzania wamekuwa wakienda kusoma huko, na hadi leo familia hupokea barua za mwaliko kutoka vyuo vya Moscow, Kazan, Voronezh na kwingineko. Barua hizo huandikwa kwa alfabeti ya Kikirili. Mzazi huipeleka kwa wakala, wakala hutafuta mji kwenye kompyuta, na kati ya karatasi na kompyuta jina la mji hulazimika kuvuka kutoka herufi za Kikirili kwenda herufi za Kilatini tunazozitumia sisi. Hapo ndipo watu hupoteza fedha.

Uvukaji huo wa herufi unaitwa unukuzi. Si tafsiri, kwa sababu maana ya jina haiguswi. Kila herufi ya Kikirili hupewa herufi ya Kilatini inayoikaribia kwa sauti. Tatizo ni kwamba hakuna njia moja ya kuifanya kazi hiyo.

Mfano wa kufuatwa mwanzo hadi mwisho

Tuchukue mfano wa mama mfanyabiashara wa mchele hapa Tunduma, ambaye binti yake amepata nafasi ya kusomea udaktari. Katika barua, mji umeandikwa hivi:

г. Нижний Новгород

Herufi ya kwanza yenye nukta, г., si sehemu ya jina. Ni kifupisho cha neno lenye maana ya “mji”, na huwekwa mbele ya jina la mji katika anwani za Kirusi. Yatakiwa iachwe kabla ya kunukuu.

Hatari ya kwanza iko machoni. Baadhi ya herufi za Kikirili zinafanana na zetu lakini zinasomeka vingine. Н ni N, wala si H. В ni V. Р ni R. С ni S. У ni U. Х ni sauti ya “kh” kama katika neno kheri. Mtu anayenakili kwa macho bila kujua hilo anaweza kuandika Новгород kama “Hobropod”, na jina hilo halipo katika ramani yoyote duniani. Ukiona mwenzako ameandika jina la mji wa Kirusi lisilotamkika, shuku kwanza kwamba alinakili maumbo ya herufi badala ya sauti zake.

Tukinukuu kwa sauti, herufi baada ya herufi, neno la kwanza linakuwa Н = N, и = i, ж = zh, н = n, и = i, й = y. Tunapata Nizhniy. Neno la pili ni Н = N, о = o, в = v, г = g, о = o, р = r, о = o, д = d. Tunapata Novgorod. Mji ni Nizhniy Novgorod, ulio takribani kilomita 400 mashariki mwa Moscow.

Mama huyu akifungua ramani na tovuti mbalimbali, ataukuta mji huohuo umeandikwa Nizhny Novgorod, Nizhniy Novgorod, Nizhnii Novgorod, Nižnij Novgorod, na katika ramani za Kifaransa, Nijni Novgorod. Yote ni majina ya mji mmoja, na hakuna aliyekosea. Kila mmoja amefuata mfumo au mazoea yake.

Kosa litatokea pale mama, akichoshwa na tofauti hizo, atakapofupisha na kumwandikia wakala ujumbe usemao “tiketi ya Novgorod”. Urusi ina Novgorod mbili. Ya pili ni Великий Новгород, yaani Velikiy Novgorod, iliyo kaskazini-magharibi mwa Moscow, upande wa Saint Petersburg. Hadi mwaka 1999 mji huo wa pili uliitwa rasmi Novgorod pasipo neno la mbele, kwa hiyo ramani za zamani huuandika hivyo. Anayetafuta “Novgorod” kwa herufi zetu anaweza kuletewa huo, na binti akajikuta mamia ya kilomita kutoka chuoni kwake. Katika majina ya Kirusi yenye maneno mawili, neno la mbele ndilo linalotenganisha miji. Hata Rostov ziko mbili, na ile kubwa ya kusini huandikwa Rostov-na-Donu. Sehemu ya jina isiachwe kamwe kwa ajili ya kufupisha.

Kwa nini mji mmoja una maandishi mengi

Mifumo ya unukuzi wa Kirusi ni mingi, lakini msafiri atakutana hasa na minne.

Wa kwanza huitwa BGN/PCGN. Ulikubaliwa na vyombo vya majina ya kijiografia vya Marekani na Uingereza mwaka 1947, na ndio msingi wa maandishi mengi mnayoyaona katika ramani za Kiingereza. Mfumo huu hutumia herufi za kawaida, mbili mbili panapohitajika: zh, kh, ts, ch, sh. Herufi Й huwa y, Ю huwa yu na Я huwa ya.

Wa pili ni ule uliopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 1987 kwa majina ya mahali ya Kirusi. Huu huweka alama juu ya herufi: Ж huwa ž, Ч huwa č, Ш huwa š. Herufi Х huwa h, Ц huwa c, na Й huwa j. Ndio unaotoa Nižnij.

Wa tatu ni ISO 9 wa mwaka 1995. Kanuni yake ni kwamba kila herufi moja ya Kikirili ipate herufi moja ya Kilatini, ili mtu aweze kurudi kwenye Kikirili bila kubahatisha. Ni mfumo wa wakutubi na watunza kumbukumbu. Щ huandikwa ŝ, na Я huandikwa â.

Wa nne ni ule wa Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, unaotumika katika sehemu ya pasipoti inayosomwa na mashine. Huu hauna alama kabisa: Й huwa i, Ю huwa iu na Я huwa ia. Ndio unaoleta maandishi kama Nizhnii.

Kati ya hiyo minne, sisi tunashauri familia na mawakala wa hapa watumie wa kwanza, BGN/PCGN, huku wakiacha vile vialama vidogo vya mkato ambavyo mfumo huo huviweka mahali pa herufi ь na ъ. Tuna sababu tatu.

Sababu ya kwanza ni sikio letu la Kiswahili. Katika mfumo huu ch, sh na y husomeka kama tunavyozisoma katika chai, shamba na yai, na kh tunaijua kutoka kheri. Kigeni kwetu hasa ni zh, ambayo ni sauti iliyo kati ya z na sh. Lakini katika mfumo wa Umoja wa Mataifa, j ya Nižnij inasimama mahali pa y. Mswahili akiiona atatamka j ya jambo, na dereva wa teksi huko ugenini hatamwelewa. Vivyo hivyo c peke yake haina sauti katika tahajia yetu.

Sababu ya pili ni kwamba alama za juu ya herufi hupotea njiani. Mji wa Шахты kwa mfumo wa Umoja wa Mataifa ni Šahty. Fomu nyingi za kukatia tiketi hazipokei š, nayo ikipokonywa alama yake inabaki s, na jina linakuwa “Sahty”. Kwa BGN/PCGN jina ni Shakhty, na hakuna kitu cha kupotea.

Sababu ya tatu ni gharama ya ujumbe wa simu. Ujumbe mfupi wa kawaida unabeba herufi 160. Ikiingia humo herufi moja tu kama ž, au herufi yoyote ya Kikirili, simu hubadili namna ya kuuweka ujumbe na nafasi inashuka hadi herufi 70. Maelezo ya safari yaliyotosha katika ujumbe mmoja yanagawanyika kuwa mawili au matatu, na kila kimoja kinatozwa.

Uchaguzi huu una kikomo, na ni vyema tukiseme. Mfumo tuliouchagua utatawala maandishi yetu wenyewe tu: daftari la nyumbani, ujumbe kwa wakala, risiti ya wakala, orodha ya shule. Hautabadili namna tovuti ya shirika la ndege inavyoandika. Sisi tutaandika Nizhniy, tovuti itaandika Nizhny. Anayeshika mfumo mmoja ataitambua tofauti hiyo mara moja, kwa kuwa anajua herufi gani ya Kikirili iko chini yake. Anayechanganya, leo hivi na kesho vile, hawezi kujua kama majina mawili katika daftari lake ni mji mmoja au miji miwili.

Herufi tatu zinazoleta taabu zaidi

Hata ndani ya mfumo mmoja kuna herufi tatu za kuangaliwa.

Ya kwanza ni Е. Mwanzoni mwa neno, na baada ya irabu, й, ь au ъ, BGN/PCGN huiandika ye. Kwingine huiandika e. Ndiyo maana Екатеринбург ni Yekaterinburg kwetu, wakati mifumo mingine huandika Ekaterinburg. Katika orodha ya miji iliyopangwa kwa alfabeti, jina moja liko chini ya Y na jingine chini ya E. Usipouona mji katika herufi moja, tafuta katika nyingine kabla ya kuamua kwamba haupo.

Ya pili ni Ё, inayotamkwa “yo”. Warusi wenyewe mara nyingi huiandika bila vile vidoti viwili, na hapo haitofautiani na Е. Mji wa Орёл hutamkwa Oryol, lakini katika karatasi nyingi umeandikwa Орел, na katika tiketi utauona ama Oryol ama Orel.

Ya tatu ni ь. Haina sauti yake yenyewe. Hulainisha konsonanti iliyo mbele yake. Katika Казань na Пермь tunaiacha, tukapata Kazan na Perm. Katika Шереметьево, jina la uwanja mmoja wa Moscow, mifumo hutofautiana: utauona ukiandikwa Sheremet’yevo, Sheremetyevo au Sheremetevo. Ni uwanja uleule.

Herufi tatu za uwanja ni msaada mkubwa, ila zisomwe vyema

Mashine za kukatia tiketi hazitegemei tahajia. Zinategemea msimbo wa herufi tatu wa uwanja. Msimbo haunukuliwi, haufasiriwi, wala hauna alama. Huo ndio ushahidi wenu bora katika muamala wowote.

Hata hivyo usitegemee kuukisia kutoka kwa jina la mji. Msimbo wa Nizhniy Novgorod ni GOJ, na hauna hata N ndani yake. Sababu ni kwamba kuanzia mwaka 1932 hadi 1990 mji huo uliitwa Gorky, na msimbo ulibaki pale jina lilipoondoka. Saint Petersburg ni LED, kutoka Leningrad. Yekaterinburg ni SVX, kutoka Sverdlovsk. Samara ni KUF, kutoka Kuybyshev. Kwa hiyo mama wa Tunduma akiona GOJ katika tiketi ya binti yake, asidhani amedanganywa. Na akiona NVR aulize upesi, kwa kuwa huo ni msimbo wa ile Novgorod nyingine.

Wakati mwingine msimbo nao hubadilika. Mji mkuu wa Kazakhstan, Astana, uliitwa Nur-Sultan kuanzia mwaka 2019, ukarejeshewa jina la Astana mwaka 2022. Katikati ya hayo, mwaka 2020, msimbo wa uwanja wake ulitoka TSE ukawa NQZ. Aliyenakili msimbo kutoka tiketi ya kaka yake ya miaka ya nyuma atakwama.

Moscow nayo inahitaji uangalifu wa pekee. Msimbo MOW unamaanisha jiji zima. Viwanja vyenyewe ni SVO, ambao ni Sheremetyevo, DME, Domodedovo, VKO, Vnukovo, na ZIA, Zhukovsky. SVO uko kaskazini-magharibi ya jiji na DME uko kusini-mashariki. Tiketi inayokushusha DME na kukupandisha SVO inakutaka uvuke jiji lote pamoja na mizigo yako, na ukichelewa, lawama inaweza kuwa yako iwapo safari hizo mbili zilinunuliwa kwa tiketi mbili tofauti.

Kwa watakaomalizia safari kwa treni, kuna mtego mwingine. Kituo kikuu cha treni cha Nizhniy Novgorod kinaitwa Нижний Новгород-Московский. Neno la mwisho, kwa unukuzi wetu Moskovskiy, maana yake ni “cha Moscow”. Msafiri akisoma hilo neno peke yake hudhani kituo kiko Moscow na anaweza kukata tiketi isiyomfikisha. Soma jina lote.

Kabla ya herufi, jua lugha

Kikirili si mali ya lugha moja. Kama vile Kiswahili, Kinyiha na Kinyamwanga zote huandikwa kwa Kilatini ingawa si lugha moja, ndivyo Kirusi, Kiukraini, Kibulgaria na Kiserbia zinavyotumia Kikirili kila moja kwa namna yake. Jedwali la Kirusi halifai kwa lugha nyingine.

Hili linawagusa wale waliosoma Ukraine hadi vita vilipowaondoa mwaka 2022. Mji wa chuo chao kwa Kiukraini ni Харків, unaonukuliwa Kharkiv. Kwa Kirusi ni Харьков, unaonukuliwa Kharkov. Mji mkuu ni Київ, Kyiv, na kwa Kirusi Киев, Kiev. Herufi Г kwa Kirusi ni g lakini kwa Kiukraini ni h, ndiyo maana mji mmoja huitwa Lugansk na Luhansk. Ukraine ilijiwekea mfumo wake wa unukuzi mwaka 2010, na Umoja wa Mataifa ukaukubali mwaka 2012. Kanuni yetu ni kufuata lugha rasmi ya nchi uliko mji. Lakini cheti chako kikiwa kimeandikwa Kharkov, usikiguse. Unapojaza fomu ya kutambuliwa kwa shahada, andika jina kama lilivyo katika cheti, kisha eleza kwa maandishi kwamba ni mji uleule unaoandikwa leo Kharkiv.

Kwa Bulgaria, herufi ъ ambayo tuliiacha katika Kirusi huko ni irabu, nayo hunukuliwa a. Велико Търново ni Veliko Tarnovo. Waserbia wao wana maandishi yao ya Kilatini, hivyo kwa miji yao hakuna haja ya kunukuu. Tumia jina lao la Kilatini.

Majina yetu yanapokwenda na kurudi

Unukuzi hufanya kazi pia upande wa pili. Cheti cha kuzaliwa cha kijana wetu kikifasiriwa kwa Kirusi, jina la wilaya yake huandikwa kwa Kikirili. Mbozi huwa Мбози na Momba huwa Момба, na yakirudishwa kwa Kilatini hayajabadilika. Lakini Kikirili cha Kirusi hakina w, wala hakina herufi moja ya j yetu. Songwe huwa Сонгве, na ikirudi huwa Songve. Ileje huwa Иледже, na ikirudi huwa Iledzhe. Mwanjelwa ya Mbeya hurudi ikiwa Mvandzhelva.

Jina la mtu hupatwa na hayohayo. Kwa hiyo tunasisitiza jambo moja: katika tiketi, jina la msafiri liandikwe kama lilivyo katika pasipoti yake ya Tanzania, herufi kwa herufi. Asiwepo wakala wa kulinukuu upya kutoka barua ya mwaliko au kutoka mstari wa Kikirili wa viza. Kosa la tahajia katika jina la mji hurekebishwa kwa mazungumzo, lakini jina la abiria lisilolingana na pasipoti linaweza kumzuia kupanda ndege.

Mistari mitatu ya kumpa wakala

Yote tuliyosema yanaweza kukusanywa katika mistari mitatu. Kabla ya kulipa, mzazi aandike katika karatasi au ujumbe, kwa kila mji wa safari:

1. Jina kwa Kikirili, kama lilivyonakiliwa au kupigwa picha kutoka kwenye barua.
2. Jina kwa unukuzi mmoja tuliouchagua, likiwa kamili.
3. Msimbo wa uwanja, au jina kamili la kituo cha treni.

Kwa mama yetu wa mfano, itakuwa hivi:

```
Нижний Новгород
Nizhniy Novgorod
GOJ
```

Mstari wa kwanza ni wa kutafutia katika ramani. Ramani za simu hupokea Kikirili moja kwa moja, nao ndio utafutaji usio na utata. Ramani ikikuonyesha mji ulio mashariki mwa Moscow, uko sahihi. Ikikupeleka kaskazini-magharibi, simama. Mstari wa pili ni wa kusomea na kutamkia. Mstari wa tatu ni wa kukatia tiketi. Iwapo mistari hiyo haikubaliani, usilipe hadi ijulikane ipi imekosewa.

Kisha mwombe wakala akupe ratiba ya safari kabla ya malipo, si baada yake, na uilinganishe na karatasi yako mstari kwa mstari. Tiketi nyingi za bei nafuu hazirejeshewi fedha, na kubadili mji wa mwisho wakati mwingine ni sawa na kununua tiketi mpya. Msimbo uandikwe pia katika risiti. Risiti yenye maneno “tiketi ya Urusi” haimsaidii mtu yeyote. Risiti yenye DAR hadi GOJ inaonyesha kile ulichoomba na kulipia.

Kosa likitokea, swali la kwanza litakuwa nani aliandika nini. Aliyeandika kwa mkono wake “Novgorod” peke yake ana hoja dhaifu. Aliyetuma mistari mitatu na bado akapewa NVR ana haki ya kudai wakala asahihishe kwa gharama ya wakala. Mpelekee madai kwa maandishi, ukiambatisha ujumbe wako wa awali, risiti na ratiba. Msipoelewana, lipo Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ambalo hupokea malalamiko ya abiria. Nakala za ujumbe zisifutwe katika simu hadi msafiri awe amekwisha kufika.

Ndugu zetu mawakala, nanyi mna ulinzi ndani ya utaratibu huu. Mteja akija na jina moja tu la mdomo, mwombeni barua, nukuuni mji mbele yake, muonyesheni msimbo na mahali ulipo katika ramani, naye aweke saini. Dakika chache hizo hupunguza ugomvi wa baadaye kwa pande zote mbili.

Mwenye barua ya mwaliko mkononi leo na abaki nasi baada ya mazungumzo haya. Tutaketi meza ya upande huu, tutainukuu pamoja naye herufi kwa herufi, na ataondoka na mistari yake mitatu.